Bi Suuza na Mapipa Sita

Pale tunapofulia, mwenye kazi tunamwita Bi Suuza. Hakuna anayekumbuka nani alianza. Ukimaliza nguo na kuziinua kwenye beseni ukidhani umemaliza, unasikia sauti nyuma yako: "Suuza tena." Hata ukigeuka umwoneshe kwamba maji ni meupe pee, anatazama maji, anakutazama wewe, na unarudi bombani.

Si mwanamke wa maneno matamu. Siku ya kwanza nilipofika kuomba kazi, mwanangu akiwa na mwezi mmoja na nusu mgongoni, hakunisifia mtoto wala hakuuliza baba yake yuko wapi. Aliushika mkono wangu, akaugeuza kiganja juu kama anayechagua viazi, akasema, "Huu umewahi kufua. Mtoto atalala kwenye beseni la buluu, lile halitumiki." Basi. Mwanangu sasa ana miezi saba na beseni limeanza kumbana miguu, lakini bado ndiko analala mchana, chini ya meza ya kukunjia, akinusa mashuka yenye joto la pasi.

Tuko wanawake watano. Kazi yetu kubwa ni mashuka ya zahanati, upande wa wazazi: mashuka ya vitanda vya akina mama na vile vishuka vidogo vya kufungia watoto waliozaliwa. Nguo za mikahawa na za watu wa mtaani tunapokea pia, lakini zahanati ndiyo inayotuweka. Siku zahanati ikituacha, watano hao wanabaki wawili, na kila mmoja wetu anajua nani angeondoka kwanza. Mimi ndiye niliyekuja mwisho.

Sasa nieleze habari ya kitambaa, maana bila hicho humwelewi Bi Suuza.

Anachemsha unga wa manjano, ule wa jikoni, anatumbukiza kipande cha pamba nyeupe, anakianika kivulini, kisha anakikata vijitepe vyembamba kama kamba za viatu. Vinakaa kwenye mkebe wa biskuti. Nguo za zahanati zikishasuuzwa, anakamua matone machache kutoka kwenye shuka juu ya kijitepe. Sabuni ikiwa imebaki, manjano yanageuka mekundu, rangi ya tofali. Ikiwa imetoka, yanabaki yalivyo. Kila mfuaji amewahi kuliona hilo pale doa la mchuzi wa manjano linapogeuka jekundu likiguswa na sabuni. Wengine tunakunja uso na kusugua. Yeye alilifanya kipimo.

Zamani alikuwa anafua nyumba hadi nyumba. Nyumba moja mtoto akatoka vipele mwili mzima, na mama wa mtoto akamtoa Bi Suuza mlangoni na beseni lake, majirani wakisikiliza. Alinisimulia mara moja tu, tukikunja, bila kunitazama. "Siku ile nilikuwa na haraka ya kwenda kumchukua wangu. Labda nilisuuza vizuri, labda sikusuuza. Sijui. Hicho ndicho kinachoniudhi mpaka leo, kwamba sijui."

Aliyetuletea wanga wa kunyooshea nguo na dawa ya kung'arisha, kwa miaka minne mfululizo, ni mwanamume mmoja mnene, mwepesi wa kucheka, tunayemwita Mjomba Povu. Yeye naye alituita wote shangazi, hata mimi ninayeweza kuwa binti yake. Hakuwahi kuchelewa. Mwaka ule maji yalipofunika barabara, wenzangu wananisimulia, alikuja na gunia la wanga kichwani, suruali imekunjwa hadi magotini, akiimba. Nasema haya ili ijulikane hakuwa mtu mbaya.

Wiki moja alikuja na pendekezo. Amepata sabuni ya maji ya kiwanda kipya, kwenye mapipa. Bei yake iko chini ya ile tunayotumia. Tukikubali kununua sabuni kwake peke yake kwa mwaka mzima, atatuazima mashine ya kukamua nguo, itakaa kwetu mwaka wote huo.

Kusikia mashine, Dada Mkubwa alikaa chini. Huyo ndiye anayekamua mashuka mazito, na mabega yake yamekwisha. Asubuhi nyingine hawezi kuinua mkono kufunga kilemba mpaka amwombe mtu.

"Niletee chupa moja," Bi Suuza alimjibu. "Nijaribu, halafu nitakwambia."

"Chupa, shangazi? Watu wanagombania mapipa!"

"Chupa."

Keshokutwa yake Bi Suuza alikwenda zahanati kuhesabu mashuka. Mjomba Povu akaja na gari. Vijana wake wakashusha chupa moja, sawa, kisha wakashusha mapipa sita, wakayapanga ukutani. Nilimwambia mwenyewe hayupo. Akacheka.

"Kwani nimekuja kumposa? Mapipa yanapumzika hapa tu, shangazi, gari lina safari nyingine. Weka sahihi hapa kuonesha nimefika, bosi wangu asinidai."

Mtoto alikuwa analia, pasi iko mkononi, na mtu ni yule yule wa gunia kichwani. Nikasema, "Haya, labda atakubali." Nikaweka sahihi. Darasa la saba niliambiwa nina mwandiko mzuri kuliko wote, na nikauandika vizuri hapo pia.

Bi Suuza aliporudi hakupiga kelele. Alisimama mbele ya mapipa akiwa bado na kikapu begani.

"Nani amepokea?"

"Mimi, Mama."

"Umesoma ulichotia sahihi?"

Nilikuwa na nakala. Nikaisoma kwa sauti. Juu iliandikwa kupokea mzigo, mapipa sita. Chini, kwa herufi ndogo kama mchwa: mzigo wa kwanza wa makubaliano ya mwaka.

"Umemwambia nini?"

"Alisema yanapumzika tu, gari lina safari nyingine. Nilimwambia labda utakubali."

"Labda." Alilitamka kama mtu anayetema mbegu. "Tangu leo kalamu ya hapa huigusi mpaka nikwambie. Na asiguse mtu pipa hata moja. Lakiri ya kifuniko ikikatika, tumeshanunua."

Jioni ile hakuniaga. Nilimbeba mwanangu nikaenda zangu, nikiwa nimeshajihesabu nje.

Asubuhi tukajaribu ile chupa. Bi Suuza alichukua vishuka viwili vyenye uchafu sawa, kimoja akakifua kwa sabuni yetu, cha pili kwa ile mpya. Kwanza alidondosha maji matupu ya tangi kwenye kijitepe, yasije yakawa maji ndiyo yenye shida. Kijitepe kikabaki cha manjano. Sabuni yetu, mara mbili kusuuza: manjano. Ile mpya, mara mbili: nyekundu. Mara tatu: nyekundu. Mara ya nne pembeni palibaki wekundu. Mara ya tano ndipo ikatulia.

Tuseme kweli, ilikuwa inatoa uchafu. Tulijaribu ovaroli ya fundi magari, iliyokuwa na grisi ya kukatisha tamaa, ikatoka kama mpya. Lakini maji sisi tunaletewa kwa gari la tangi, na vishuka vile vinavalishwa watu ambao hawajamaliza hata siku moja duniani.

"Itiwe siki kwenye maji ya mwisho," Dada Mkubwa alisema. "Si hukata sabuni?"

"Siki itakinyamazisha kitambaa changu. Sabuni haitaitoa yote."

"Kwa hiyo mashine tunaikosa kwa sababu ya kamba ya manjano!" Dada Mkubwa alitupa taulo. "Mabega ni yangu mimi, si yako. Na huyu hapa," akaninyooshea kidole, "anamwaga sahihi kama njugu, halafu mimi ndiye wa kuendelea kukamua."

Niliinama nikamgeuza mtoto upande wa pili, ingawa alikuwa amelala vizuri.

Mchana Bi Suuza aliniita. Aliniwekea karatasi na kalamu mezani. Macho yake hayaoni tena maandishi ya karibu, na miwani yake ina kioo kimoja.

"Andika. Umeifunga kamba wewe, utaifungua wewe."

Niliandika barua ya kwanza kwa moyo wangu: kwamba tunamheshimu sana, kwamba kwa sasa hali ni ngumu, kwamba tutalifikiria pendekezo lake siku za mbele. Nikamsomea.

"Hii inasema nini?"

"Kwamba hatutaki, Mama."

"Wapi? Nionyeshe hilo neno." Nikatafuta, sikuliona. "Ukimwambia tutafikiria, kesho analeta mapipa mengine kumi na mawili tufikirie tukiwa tumekaa juu yake. Na hali ngumu maana yake nini? Atapunguza bei, arudi. Hatukatai bei. Chana."

Nilikuwa na hasira, za kwangu na za Dada Mkubwa. Barua ya pili niliandika kwamba ametudanganya, amevizia mwenyewe akiwa hayupo, asikanyage tena. Bi Suuza alisikiliza mpaka mwisho.

"Tamu," alisema. "Na wanga wa Jumatatu utaletwa na nani, na wewe? Chana."

Ya tatu tuliiandika pamoja, neno kwa neno, yeye akizunguka meza. Ilikuwa fupi:

"Mjomba. Tumepata pendekezo lako la sabuni kwa mwaka mmoja pamoja na mashine ya kukamua. Asante kwa kutufikiria. Hatulikubali. Tumeijaribu chupa: inatoa uchafu vizuri, hasa grisi, lakini inataka kusuuzwa mara tano, na sisi tunafua mashuka ya watoto wachanga. Mapipa sita yako salama, hayajafunguliwa, yachukue ndani ya wiki hii. Sahihi iliyowekwa ni ya aliyepokea mzigo, si ya mwenye kazi, na mwenye kazi hajafanya makubaliano ya mwaka na mtu. Wanga na dawa ya kung'arisha tunaendelea kununua kwako kama zamani. Siku ukipata sabuni inayotoka kwa kusuuza mara mbili, leta chupa moja. Tutaijaribu siku hiyo hiyo, na jibu utalipata siku hiyo hiyo."

"Hatulikubali" aliniambia niliweke peke yake, lisishikane na kitu.

Mjomba Povu alikuja kabla barua haijapelekwa. Ilikuwa saa nne asubuhi, wateja wamejaa kaunta: bibi mmoja na mapazia yake, na karani wa zahanati aliyekuja na hesabu ya mashuka. Nilipompa barua aliitupa mezani bila kuifungua.

"Barua? Mimi unaniandikia barua, kama mpangaji asiyelipa kodi?"

"Isomwe," Bi Suuza alisema, akanitazama mimi.

Niliisoma. Nilipofika "Hatulikubali", Mjomba Povu alipiga kaunta kwa kiganja, mwanangu akaamka akalia, Dada Mkubwa akamchukua. Nikaendelea mpaka mwisho kwa sababu Bi Suuza hakuniambia ninyamaze.

"Miaka minne!" alisema Mjomba. "Nimebeba gunia kichwani kwenye maji kwa ajili ya huyu mwanamke! Kiwanda kimenipa mapipa kwa jina langu mimi, nimewaambia nina mteja wa uhakika. Leo nafukuzwa kwa kitambaa cha mchuzi?"

"Hujafukuzwa. Sabuni ndiyo imekataliwa. Na jina langu kama mteja wa uhakika, ulilitoa bila kuniuliza."

"Sahihi yenu ninayo!" Akaipeperusha nakala yake mbele ya wateja. "Mwandiko mzuri kabisa. Nitakwenda nayo zahanati, niwaambie mnavyokula mali za watu."

Karani wa zahanati akainua macho kutoka kwenye daftari lake. Bi Suuza hakumgeukia karani hata kidogo.

"Nenda. Wakikuuliza sababu, waambie inataka kusuuzwa mara tano. Au nikuoneshe hapa, mbele yao? Chupa yako bado ina nusu, maji yapo."

Alifungua mkebe wa biskuti, akatoa kijitepe, akakiweka juu ya kaunta katikati yao. Mjomba Povu alikitazama. Alikifahamu, kwa miaka minne alikuwa akikitania. Hakukigusa.

"Pakieni," aliwaambia vijana wake.

Walipoinua pipa la kwanza, Bi Suuza alisimama mlangoni na karatasi nyingine niliyoiandika jana yake: mapipa sita yamerudishwa, lakiri zote nzima.

"Sahihi."

"Siweki."

"Basi na mapipa yanapumzika tu, gari lina safari nyingine."

Bibi wa mapazia alicheka, akajifunika mdomo. Mjomba Povu aligeuka mwekundu kama kijitepe kilichoguswa na sabuni. Alihesabu lakiri moja moja kwa kidole, akaandika sahihi kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

"Wanga mtafute kwingine," alisema. "Na wewe," akanigeukia mimi, hakuniita shangazi, "utakumbuka."

Karani alihesabu mashuka yake, akaondoka bila kusema neno, na hilo lilituweka roho juu siku tatu nzima, mpaka furushi la mashuka machafu lilipoletwa kama kawaida.

Wanga kweli hakuleta. Wiki tatu tulinunua dukani kwa pakiti ndogo ndogo, ukichemka unafanya mabonge, nguo za meza za mkahawa zikarudi mara mbili. Dada Mkubwa hakuongea na mimi isipokuwa kwa nusu ya mdomo: "Sogea." "Mtoto wako." "Hilo si lako." Jumatatu zote Bi Suuza aliniambia nimpelekee Mjomba Povu oda ya wanga dukani kwake, kama vile hakuna kilichotokea. Mara ya kwanza aliirudisha. Mara ya pili aliipokea akaifanya ya kukalia. Mara ya tatu msaidizi wake alisema hayupo, na niliviona viatu vyake chini ya pazia.

"Tunaendelea mpaka lini, Mama?" nilimuuliza.

"Tulimwandikia tunaendelea kununua. Wewe ndiye uliyeandika. Au ulikuwa unatania?"

Jumatatu ya nne nilirudi nikakuta gari lake nje. Gunia la wanga limetupwa kizingitini, si pale panapowekwa siku zote. Mjomba Povu mwenyewe amekaa garini, dirisha limeteremshwa nusu. Hakunisalimia. Alinyoosha mkono nje akiwa ameshika chupa.

"Kiwanda kimebadilisha. Mwambie ajaribu. Nangoja jibu hapa hapa, si mlisema siku hiyo hiyo?"

"Karibu ndani, Mjomba, jua kali."

"Nimesema hapa hapa."

Tulijaribu. Safari hii Dada Mkubwa ndiye aliyekamua matone, na sote tuliinama juu ya kijitepe mpaka vichwa vikagongana. Mara mbili kusuuza. Katikati palibaki manjano. Pembeni, wekundu mwembamba kama uzi.

"Si amekaribia?" Dada Mkubwa alinong'ona. "Ni uzi tu huo, Bi Suuza."

Bi Suuza alikipeleka kijitepe dirishani, akakigeuza kwenye mwanga. Nilimwona anamtazama Dada Mkubwa mabegani, kwa muda mrefu kidogo. Kisha akasuuza mara ya tatu, manjano matupu, akaniwekea karatasi mezani.

"Andika. Asante kwa chupa ya pili. Hatuikubali." Alingoja nimalize. "Imebaki kidogo. Ya kwanza ilitaka mara tano, hii ni mara tatu. Ikifika mbili, leta chupa. Wanga umefika, asante, wiki ijayo tunaomba magunia mawili."

Nilimaliza nikamsukumia karatasi pamoja na kalamu, kama ninavyofanya siku zote tangu siku ile ya mapipa. Hakuichukua.

"Weka sahihi," alisema. "Yako anaijua."

Niliiweka. Nikaipeleka nje. Mjomba Povu aliisoma akiwa amekunja uso, midomo ikicheza, akarudia mstari mmoja, nadhani ule wa mara tatu. Aliikunja akaitia mfuko wa shati.

"Ana roho ngumu huyo mwanamke," alisema, akawasha gari. "Mwambie chupa nyingine mwezi ujao. Na gunia hilo mliingize ndani, shangazi, mvua ikilikuta msije mkaniandikia barua."